Maswali na majibu: Kumwanzishia mtoto karanga, na mzio ukitokea

Mwanangu ametimiza miezi 6. Mama mkwe anasema karanga ni mpaka afike miaka 3. Nimsikilize?

Mama mkwe hakulitunga jambo hilo. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba watoto walio katika hatari kubwa ya mzio wasipewe karanga kabla ya miaka 3, na ushauri huo ulienea mbali kabla ya kuondolewa mwaka 2008 kwa kukosa ushahidi kwamba unakinga. Kisha mwaka 2015 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika London, ambapo watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, waligawanywa katika makundi mawili: moja likawa linakula vyakula vya karanga kila wiki, na jingine likaepushwa navyo kabisa. Walipofikia miaka 5, kati ya kila watoto 100 walioepushwa, 17 hivi walikuwa na mzio wa karanga, wakati kati ya waliokula walikuwa 3 tu.

Inavyofahamika ni kwamba chembe za karanga zilizomo ndani ya nyumba zikiingia mwilini kupitia ngozi yenye michubuko, kinga ya mtoto huziona kama adui, ilhali zikipitia tumboni mapema huzizoea kama chakula. Ndiyo maana kuchelewesha kunaweza kuleta kile kile kilichokuwa kikiogopwa. Ikiwa mwanao hana ukurutu wala mzio wowote, anaweza kukaa kwa kuegemezwa, shingo yake imekaza na ameshazoea chakula kingine laini, mwanzishie sasa.

Wangu ana ukurutu mkali, ngozi inatoa maji kila mara. Naye nimpe tu?

Usimpe nyumbani kabla hajaonwa na daktari. Yeye ndiye anayeweza kufaidika zaidi na karanga za mapema, lakini pia ndiye anayeweza kuwa tayari ana mzio bila ninyi kujua, hata kama hajawahi kuonja karanga. Daktari anaweza kumpima kwa kumchoma kidogo kwenye ngozi au kwa damu, kisha akaamua kama mlo wa kwanza uliwe nyumbani au mbele ya wahudumu wenye adrenalini, dawa ya sindano ya kuokoa mwenye mzio mkali. Ninachokuomba ni kwamba miadi ya kumwona daktari isisogezwe mbele mwezi baada ya mwezi, kwa sababu muda unaopotea ni ule ule ambao karanga zingekuwa zinamsaidia. Wakati mnasubiri, endelea kuutibu ukurutu wenyewe, na anayemshika mtoto anawe mikono baada ya kula karanga.

Siku ya kwanza nimpe kiasi gani, na nimpeje?

Chukua vijiko 2 vya chai vya karanga zilizosagwa laini kabisa, zisizo na chumvi, sukari wala asali (asali haimfai mtoto wa chini ya mwaka mmoja). Ongeza vijiko 2 au 3 vya maji ya moto, koroga hadi zilainike kama uji mwepesi, kisha ziache zipoe. Kazi hii ya kuzimua si ya kupuuzwa, kwani karanga za kusaga zikiwa nzito hunata kooni na zinaweza kumkaba mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo karanga nzima hazipewi mtoto wa chini ya miaka 5.

Chagua siku ambayo mtoto hana homa, mafua wala kuharisha, na umlishe asubuhi au mchana, si usiku anapokaribia kulala. Awepo mtu mzima ambaye kwa saa 2 zijazo hana kazi nyingine ila kumwangalia. Siku hiyo usimwanzishie chakula kingine kipya. Mpe kidogo kwenye ncha ya kijiko, kisha subiri dakika 10. Kama hakuna badiliko, mpe kilichobaki polepole kwa mwendo wake wa kawaida, na asipokimaliza usimlazimishe. Wengine hupaka karanga kwenye shavu kwanza ili kujaribu. Sishauri, kwa sababu ngozi ndiyo njia tunayotaka kuiepuka.

Wekundu mdogo kuzunguka mdomo, pale tu chakula kilipogusa, unaofutika baada ya kumpangusa na hausambai, kwa kawaida ni muwasho wa ngozi tu.

Alikula mara 3 bila shida, sasa anakataa. Niache?

Usiache kabisa. Katika utafiti nilioutaja watoto walikula mara 3 au zaidi kwa wiki kwa miaka kadhaa, na kuonja mara chache kisha kusahau hakutoshi. Changanya vijiko hivyo 2 katika uji au tunda lililopondwa ambalo analipenda.

Wa kwangu ana miezi 7. Dakika 15 hivi baada ya kumpa, vipele vya kuwasha vilitoka kifuani, mdomo wa juu ukavimba, akatapika, akaanza kukohoa. Nilimpa dawa ya maji ya mzio, akatulia akalala. Nilifanya sawa?

Nashukuru kwamba yu mzima, lakini hapo ilipasa mwende hospitali mara moja. Vipele peke yake, au mdomo kuvimba kidogo, ni mzio mwepesi: unaacha kumlisha, unampangusa, unampigia daktari na kuendelea kumwangalia. Kikohozi kilipoanza juu ya hayo, mzio ulikuwa umefika kwenye njia ya hewa, na huo ni mzio mkali. Dalili zake nyingine ni kupumua kwa kukoroma au kwa mluzi, sauti ya kilio kukauka, ulimi kuvimba, kutapika tena na tena, kupauka, na kulegea. Kwa mtoto asiyeweza kusema, kulala ghafla baada ya hayo kunaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu kushuka, na ndiyo maana kutulia kwake kunanitia hofu kuliko kunifariji.

Dawa ya mzio ya maji hupunguza vipele na muwasho, lakini haifungui njia ya hewa wala haipandishi shinikizo la damu. Kazi hiyo ni ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kama daktari amewapa sindano yake nyumbani, mchome kwanza kisha ndipo muite gari. Kama hamna, nendeni moja kwa moja kwenye kituo kinachopokea wagonjwa wa dharura, na mmoja apige simu mbele. Mlaze chali mikononi mwako, usimsimamishe begani. Akihangaika kupumua, muinue kifua kidogo. Usimpe maziwa wala mafuta, na usimtapishe.

Hata akipata nafuu hospitalini, atabaki kwa saa kadhaa, kwa kuwa mzio unaweza kurudi bila kula karanga tena. Pia nendeni hospitali ikiwa mtoto anatapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, akapauka na kulegea, hata bila kipele kimoja, kwani ipo aina ya mzio inayokuja hivyo.

Kwa sasa msimpe karanga tena, hata kwa kuonja, mpaka mtaalamu wa mzio ampime. Mwandikieni kiasi alichokula, dakika zilizopita kabla ya dalili ya kwanza na mfuatano wa dalili zenyewe, na kama mlipiga picha ya vipele, mpelekeeni.