Picha zangu za korosho zilivyonidanganyia mteja, na navyopiga sa hivi

Mi nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini, kidogo kidogo tu, nanunua kwa akina mama wanaobangua kwa mkono halafu naweka kwenye katalogi ya WhatsApp Business wateja wa mikoani wanaona wanaagiza. Mwaka wa kwanza nilimtumia dada mmoja wa Dodoma kilo tatu kwa basi. Zilipofika akaniandikia, "Dada yangu mzigo nimeupata asante, ila mbona ni mbichi? Na zile kubwa za kwenye picha ziko wapi?"

Kwakweli niliumia maana mi sikuwa na nia ya kumdanganya hata kidogo. Ikabidi nifungue katalogi yangu niiangalie kama vile mi ndo mteja. Picha ilikuwa moja tu, nimeipiga usiku sebuleni chini ya taa, korosho zimerundikwa kwenye bakuli na juu nimepanga zile nzuri nzuri. Maelezo nimeandika "Korosho tamu za Mtwara, kilo moja, bei poa". Basi. Sasa taa yangu ilikuwa na mwanga wa njano, korosho nyeupe ambazo hazijakaangwa zikatoka na rangi ya dhahabu kabisa, na neno mbichi sikuandika popote, we mtu wa Dodoma utajuaje? Yule dada alisoma picha vizuri tu, picha ndo ilisema uongo.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni mwanga. Sa hivi napiga asubuhi, saa mbili mpaka saa nne hivi, barazani au karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, taa zote nimezima na flashi nimezima. Jua la mchana la huku kwetu halifai, linatoa vivuli vyeusi upande mmoja na upande mwingine korosho inang'aa mpaka huoni kama ina doa. Na usidanganyike na kivuli cha mwembe, nilijaribu, majani yanapitisha mwanga wa kijani na korosho zinaonekana kama zimeota ukungu. Hivyohivyo ukitandika turubai la bluu chini, ile bluu inarudi juu kwenye korosho. Mi natumia sahani nyeupe isiyo na maua.

Kuna jaribio dogo ambalo siliachi. Kabla ya kupiga picha yenyewe naweka karatasi nyeupe ya daftari pembeni ya sahani napiga moja ya majaribio. Karatasi ikitoka ya njano au ya bluu kwenye simu basi na korosho zimedanganya rangi, nahama sehemu. Ikitoka ya kijivu maana yake rangi iko sawa ila picha ni giza, na hili linatokea sana ukitumia sahani nyeupe kwasababu simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga yenyewe. Dawa yake gusa korosho kwenye skrini, kwenye simu nyingi kanatokea kajua kadogo, kavute juu taratibu mpaka karatasi irudi kuwa nyeupe lakini mistari yake bado uione. Na jamani futeni lenzi kwa kitambaa laini kwanza, simu inayoshikwa na mikono yenye mafuta ya korosho haiwezi kutoa picha safi. Usisogee karibu sana pia, ukifika kama upana wa kiganja simu nyingi zinashindwa kufokasi, bora urudi nyuma kidogo halafu ukate picha baadaye. Filta sitii kabisa.

Sasa ukubwa, hapo ndo pagumu, maana korosho moja ikipigwa peke yake karibu inaonekana kama yai. Nilichoamua ni kutochagua. Naingiza kikombe kwenye mfuko mara tatu, juu, katikati na chini kabisa, kwasababu vipande huwa vinashuka chini, namwaga kwenye sahani zitoke zinavyotoka na hiyo ndo picha ya kwanza, nasimama juu yake simu imelala sawa na sahani. Katalogi inaonyesha picha kwa umbo la mraba kwahiyo sahani iwe katikati isije ikakatwa. Picha ya pili naweka korosho chache kwenye kiganja na sarafu ya shilingi 200 pembeni, kila Mtanzania anaijua ukubwa wake. Ya tatu ni pakti iko juu ya mizani, namba inasomeka. Tatu tu zinatosha.

Halafu maelezo. Hapa mizani ilinisaidia kuliko maneno. Nilichukua nusu kilo ya mzigo uleule nikazitenga kwa mkono, nzima huku, zilizopasuka kati huku, vipande huku, nikapima kila fungu. Nzima zilikuwa gramu 410, zilizopasuka kati gramu 70, vipande gramu 20. Mi akilini nilikuwa najua nauza "korosho nzima" kumbe karibu gramu 90 kwenye kila nusu kilo siyo nzima, na yule dada alikuwa sahihi kulalamika.

Nikahesabu na ukubwa pia, maana wanunuzi wakubwa wanataja madaraja kama W240 na W320 na wateja wengine wanauliza. Hiyo namba ni idadi ya korosho nzima kwenye ratili moja, yaani gramu 454, kwahiyo namba ikiwa kubwa korosho ni ndogo. W320 ni kati ya 300 na 320. Mi nilipima gramu 100 za nzima nikahesabu 68, ukizidisha kwa 4.54 unapata kama 309, basi ziko kwenye saizi ya W320. Ila mi siandiki W320 kwenye katalogi, kwasababu daraja lile linaangalia pia weupe na usafi na mzigo wangu haujapangwa kiwandani, naandika idadi tu.

Maelezo yangu sa hivi yanasomeka hivi: "Korosho nyeupe, HAZIJAKAANGWA, hazina chumvi, zimebanguliwa kwa mkono. Nusu kilo. Nyingi ni nzima, kwenye kila nusu kilo takribani gramu 90 ni nusu na vipande. Saizi ya kati, kama korosho 68 kwa gramu 100. Chache zina madoa ya kahawia ya moto wa kubangulia, angalia picha ya kwanza. Zimebanguliwa mwezi wa kumi na moja. Bei ni ya korosho tu, nauli ya basi juu yako." Neno la kukaangwa naliweka mwanzoni kabisa maana mteja akiwa na haraka anasoma mstari wa kwanza tu. Na za kukaanga nimezitenga bidhaa yake peke yake na picha zake, sichanganyi.

Wapo waliosoma hivyo wakaondoka, ni kweli, hasa wanaotaka za kuweka mezani kwa wageni, hao nawaambia nikitenga nzima tupu bei inapanda. Lakini anayetaka kusaga au kupikia anaagiza bila kuuliza maswali ishirini.

Kazi iliyobaki ni kurudia. Mzigo ukiisha naificha ile bidhaa kwenye katalogi, mzigo mpya ukiingia natenga na kupima tena nusu kilo, napiga picha tatu mpya na kubadilisha zile gramu, hata kama kwa macho naona zinafanana na za mwanzo.