Barua pepe ya kuwaita wasailiwa

"Tumechuja waombaji wa uhasibu, wamebaki sita. Niwaandikie nini kuwaita kwenye usaili?"

Mwandikie kila mmoja yake, ndugu. Ukiwatumia kwa mkupuo wataonana anwani. Kinachovuruga zaidi ni saa, hivyo andika "Jumanne, saa 3:00 asubuhi (09:00)", kisha jengo, ghorofa, na amwulizie nani mapokezi. Jopo litaje kwa vyeo, na kama kuna jaribio la Excel, sema mapema. Aje na vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Nakala si unazo tayari?

Anayebanwa ajibu barua hiyohiyo kabla ya Ijumaa saa 10 jioni, ataje sababu. Tenga Jumatano asubuhi kwa ajili yao kabla hujatuma, maana kulikusanya jopo upya ni kazi.