Sauti inapomtangulia padri: kupima mtelezo na kuurekebisha

Jumanne moja jioni mama wa bibi harusi alinipigia simu kutoka Buruburu. Alikuwa ameketi na jamaa zake, wanatazama video ya misa ya ndoa niliyowakabidhi wiki hiyo. "Mwanangu," akaniambia, "mwanzo ni mzuri kabisa. Lakini huku mwisho, mbona padri anasikika kabla hajafungua mdomo?"

Nilifungua kompyuta nikaenda moja kwa moja kwenye baraka ya mwisho. Mama alikuwa amesema kweli. Neno "Baba" lilisikika, kisha ndipo midomo ya padri ikaachana. Na mimi nilikuwa nimekagua kazi ile kabla ya kuitoa. Kosa langu ni kwamba nilikagua dakika kumi za kwanza tu, na dakika kumi za kwanza hazikuwa na la kuonyesha.

Wewe unayeanza kazi hii hapa Nairobi utakutana na jambo hili mapema, kwa sababu misa, harambee na makongamano yetu ni marefu, na wengi wetu tunanasa picha kwa kamera na sauti kwa rekoda ya pembeni iliyochomekwa kwenye mikisa ya ukumbi. Kwanza tenganisha matatizo mawili yanayofanana. Kuna sauti iliyopishana na picha kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho: hiyo unaisogeza mara moja na kazi imekwisha. Halafu kuna sauti inayoanza sawa kisha inateleza kidogo kidogo. Hii hata ukiisogeza, utaponya mwisho na kuharibu mwanzo.

Chanzo cha mtelezo ni saa. Kamera ina saa yake ndani, kipande cha kwatzi kinachotetemeka, na rekoda ina yake. Rekoda ikiandikwa 48,000, maana yake inapaswa kuchukua sampuli 48,000 za sauti kila sekunde. Lakini sekunde yenyewe inaipima kwa kwatzi yake, na kwatzi mbili hazilingani kabisa. Tofauti ni ndogo mno kwa dakika moja. Kwa saa moja na nusu inajikusanya.

Sasa twende kwenye kipimo, maana hapa ndipo wageni wengi wanapokisia badala ya kupima. Unahitaji tukio moja karibu na mwanzo na jingine karibu na mwisho, ambayo unaweza kuyaona na kuyasikia waziwazi. Kofi la mikono mbele ya kamera ni bora zaidi, na siku hizi nalipiga mara mbili, kabla ya shughuli na baada yake, bila kuzima chochote katikati. Siku ile sikuwa na kofi la mwisho. Nilichokuwa nacho ni midomo ya padri.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa herufi B na P zimejaa kila mahali. Mtu anapotamka B, midomo hufungwa kabisa, kisha huachia. Pata neno kama hilo, sogeza picha fremu moja moja hadi uone fremu ya mwisho ambayo midomo bado imefungwa na ile inayofuata ambapo imeachana. Kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti, mahali pale pale panapaswa kuwa na mlipuko mfupi: mstari uko chini, kisha unaruka juu. Usitumie M kwa kazi hii. M huvuma huku midomo ikiwa imefungwa, kwa hiyo haina mpaka mkali wa kushika. Kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, basi kipimo cha midomo kinakupa usahihi wa takriban fremu moja. Kwa rekodi ndefu hiyo inatosha.

Misa ya Kikatoliki huanza kwa "Kwa jina la Baba" na baraka ya kuifunga ina "Baba" tena. Nililinganisha B ya kwanza na midomo, ikakaa sawasawa. Kutoka hapo hadi B ya baraka, picha ilikuwa na sekunde 5,320.00, yaani saa moja, dakika 28 na sekunde 40. Kwenye faili ya rekoda, umbali uleule ulikuwa sekunde 5,319.68. Faili ya sauti ilikuwa fupi kwa sekunde 0.32, ambazo ni fremu 8. Ndiyo maana sauti ilimtangulia padri.

Sikurekebisha papo hapo, na wewe usirekebishe. Vipimo viwili haviwezi kukuambia kama sauti iliteleza polepole au iliruka ghafla mahali fulani. Rekoda nyingi hukata rekodi ndefu kuwa faili kadhaa, na sauti kidogo ikipotea kwenye kiungo, utaona tofauti ileile mwishoni. Kwa hiyo nilitafuta tukio la tatu katikati. Bwana harusi alikuwa ameshikilia maikrofoni wakati wa kiapo, kwenye dakika ya 44 hivi, na neno "nakupokea" lina P nzuri. Hapo sauti ilitangulia kwa fremu 4. Nusu ya safari, nusu ya tofauti: huo ni mtelezo wa saa. Kama katikati ningekuta sifuri au fremu zote 8, ningeacha habari za kunyoosha sauti, nikatafute kiungo kilichoruka na kukata pale pale.

Angalia pia kwa nini dakika zangu kumi hazikunionya. Sekunde 0.32 ukizigawa kwa muda wote, dakika kumi za kwanza zinapata milisekunde 36 tu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la BT.1359, linaweka mahali watu wanapoanza kutambua kasoro kwenye milisekunde 45 sauti ikitangulia, na 125 ikichelewa. Pengo hilo lina mantiki. Macho yetu yamezoea kuona kwanza kisha kusikia, kama unavyomwona mtu ng'ambo ya uwanja akigonga nyundo kabla mlio haujakufikia. Sauti inayotangulia haitokei katika maisha ya kawaida, ndiyo maana hata mama ambaye hajawahi kuhariri video aliikamata.

Hesabu ya marekebisho ni fupi. Gawanya urefu wa sauti kwa urefu wa picha: 5,319.68 kwa 5,320.00 ni 0.99993985. Zidisha kwa 48,000, unapata 47,997.11. Yaani kwa kila sekunde ya kamera, rekoda ile ilikuwa ikichukua sampuli 47,997 badala ya 48,000. Ukishaiona hivyo, dawa inajieleza: iambie kompyuta kasi halisi ya sampuli, kisha irudishe sauti kwenye 48,000. Mimi natumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i rekoda.wav -af "asetrate=47997,aresample=48000" -c:a pcm_s24le rekoda_sawa.wav
```

Kwa kuwa tumeacha ile 0.11, mwishoni inabaki tofauti ya milisekunde 12 hivi, chini ya theluthi moja ya fremu. Sauti ya padri inashuka kwa kiasi ambacho hakuna sikio litakalokigundua, na kwaya inabaki nzima bila mkato.

Usijaribu kufanya hivi kwenye kisanduku cha kasi cha programu yako ya kuhariri kama kinakubali tarakimu mbili tu baada ya nukta. Mimi nilikianza kile kwanza. Niliandika 99.99, ambayo inaonekana karibu mno na 100, lakini ikarefusha sauti kwa sekunde 0.53 badala ya 0.32. Sasa padri akawa anafungua mdomo na sauti inakuja fremu 5 baadaye. Njia ya kukata sauti kwenye vituo vya kimya na kusogeza kila kipande inafaa kwa mahojiano ya watu wawili. Kwenye kwaya na kinanda kimya hakipo, na mkato utasikika.

Baada ya kunyoosha, linganisha upya tukio la kwanza, na hapa tumia picha, si sauti ya kamera. Kamera yangu ilikuwa nyuma ya kanisa, mita 20 hivi kutoka spika za mbele. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni ya kamera iliisikia misa ikiwa imechelewa kwa milisekunde 58. Ukiiachia programu ilinganishe mawimbi ya rekoda na ya kamera, itafanya kazi safi na bado utachelewa kwa fremu moja na nusu. Midomo haina ucheleweshaji huo.

Mtelezo ukiwa mkubwa kuliko huu, usilaumu kwatzi. Sekunde 3.6 kwa saa ni dalili kwamba fremu 29.97 zimechukuliwa kuwa 30. Rekebisha mpangilio wa mradi. Na kama picha ilitoka kwenye simu, inacheza vizuri ndani ya VLC lakini inateleza ukiiweka kwenye programu ya kuhariri, huenda simu ilibadilisha idadi ya fremu njiani. Itengeneze upya kwa fremu 25 zisizobadilika kabla ya kukata chochote:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le simu_25.mov
```

Ukaguzi wa mwisho ufanye kwenye faili iliyokwisha kutolewa, sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Vaa visikizi vya waya. Vile vya blututhi huongeza ucheleweshaji wao wenyewe, na utajikuta unarekebisha kasoro iliyo masikioni mwako.

Mama wa Buruburu alipata faili mpya Alhamisi. Wikendi ile niliziweka kamera na rekoda zetu zote mbili mezani studio, nikapiga kofi, nikaziacha zinase kwa saa moja na nusu, nikapiga la pili. Rekoda ile ilitoa 47,997 tena, nyingine 48,001. Namba hizo nimeziandika kwenye utepe mweupe na kuubandika mgongoni mwa kila rekoda. Joto huzisogeza kidogo, kwa hiyo makofi mawili bado nayapiga kila kazi, lakini ninapofungua faili ninajua tayari sauti itaelekea upande gani.