Sura ya kijana mwingine, jina la mwanangu

*Shikamoo shangazi. Jana asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu iliwekwa picha ya kijana aliyekamatwa na simu ya wizi. Chini yake wameandika jina la mwanangu, majina yote mawili. Huyo wa pichani si mwanangu wala simjui. Mimi simo kundini, dada yangu ndiye aliyenionyesha. Mwanangu ana miaka 17 na leo amekataa kutoka nje. Nataka kumwandikia admini aiondoe, na nimtumie picha ya mwanangu pamoja na cheti cha kuzaliwa wajionee wenyewe. Nimeanza kuandika mara tatu, kila mara barua inajaa matusi. Nisaidie.*
*Mama mwenye hofu*

Marahaba, mama. Jibu hili nilikutumia mchana uleule kwa sababu jambo lenyewe halikuweza kungoja zamu ya safu. Linachapwa sasa kwa ruhusa yako.

Tafadhali, picha ya mwanao usiitume. Hata kwa admini peke yake, usiitume. Sasa hivi watu wana jina la mwanao na sura ya mtu mwingine, na katika balaa hili hiyo ndiyo nafuu yako: asiyemjua mwanao akipishana naye njiani hatamgeukia, maana sura aliyoishika kichwani siyo hiyo. Ukipeleka sura yake halisi, hata ukiandika chini yake kwamba huyu hahusiki, umewapa kile walichokosa. Picha ikihama kutoka simu moja hadi nyingine, maneno yake huachwa nyuma au huandikwa upya. Kesho utaiona hiyohiyo yako inazunguka na maelezo mengine. Cheti nacho kiache kabatini. Kina tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi, na admini ni jirani tu mwenye simu, si karani wa mahakama. Akitaka uhakika, atafute mtu anayewajua nyote wawili amuulize.

Kabla hujamwandikia, dada yako apige picha ya skrini. Ionyeshe picha na maneno yake kwa pamoja, namba ya aliyeiweka, tarehe na saa. Ujumbe ukishafutwa ushahidi huo haupo tena, na unaweza kuuhitaji polisi. Aihifadhi, asiirushe kwa ndugu ili waone tulivyofanyiwa. Ndugu wenye hasira ndio husambaza kuliko maadui.

Aangalie pia juu ya ujumbe kama kuna alama ya mishale miwili. Ikiwapo, ujumbe ulikuwa umeshafowadiwa mara tano au zaidi mfululizo, na huyo aliyeuweka kundini huenda si yeye aliyebandika jina. Ndiyo maana sitaki barua yako imwite mtu mwongo. Tena inawezekana kabisa kijana wa pichani anaitwa hivyohivyo, majina hufanana. Dai lako libaki moja lisiloweza kupingwa: aliye kwenye picha siye mwanao. Kama dada yako anamjua huyo kijana ni nani hasa, hilo naomba mlinyamazie. Naye ana mama.

Sasa muda. Kufuta ujumbe kwa watu wote kundini kunawezekana kwa siku kama mbili tangu ulipotumwa, na moja umeshaitumia. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, haimlazimu kumsubiri aliyeutuma. Kundi kubwa huwa na maadmini kadhaa, na dada yako atawaona kwenye orodha ya wanakundi. Asikwandikie namba ya yule aliyeanzisha kundi kwa heshima tu. Achague anayejibu watu kila siku. Mwandikie faragha, kwa maneno kama haya:

"Habari za leo. Mimi ni mama wa kijana ambaye jina lake limeandikwa kwenye picha iliyowekwa kundini jana saa 3 asubuhi na namba inayoishia na 47. Aliye kwenye picha siye mwanangu. Mwanangu ana miaka 17, na anaogopa kutoka nje. Naomba mambo mawili leo hii: ufute ujumbe huo kwa watu wote, kisha uandike kundini maneno nitakayokutumia hapa chini. Nitashukuru ukinijibu kabla ya saa 12 jioni. Ukitaka kuhakikisha, nipigie, au muulize jirani tunayemjua sote. Asante."

Saa na namba utaweka za kweli. Hakuna tusi, na hakuna vitisho vya mahakamani. Sisemi huna haki ya kukasirika. Nasema admini aliyetishwa huchukua siku nzima kuuliza wenzake afanye nini, nawe huna siku nzima.

Hilo ombi la pili wengi hulisahau. Ujumbe ukifutwa, mahali pake hubaki mstari mdogo unaosema admini ameufuta. Waliouona wataulizana kwa nini, na wasioambiwa sababu watajitungia: mama yake amelia, au wamemhonga admini. Kwa hiyo masahihisho yafuate papo hapo, nayo yawe mafupi: "Picha iliyowekwa hapa jana ya kijana aliyekamatwa iliambatanishwa na jina lisilo lake. Imefutwa. Aliyeihifadhi aifute, na aliyeituma kwingine awaambie aliowatumia." Angalia: jina la mwanao halimo. Ukiliandika tena karibu na neno "kukamatwa", hata kwa kumtetea, wale ambao hawakuiona picha ndiyo watalisikia kwa mara ya kwanza. Waliokwisha kuliona wataelewa wenyewe. Na picha isirudishwe ikiwa imepigwa alama ya X, kama wengine wanavyopenda kufanya.

Nisikudanganye kuhusu kinachobaki. Kufuta kundini hakuigusi nakala iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu, wala iliyofowadiwa kwenye kundi jingine. Dada yako aulize taratibu, si hadharani, imefika wapi. Kila kundi lina admini wake na barua ni hiyohiyo, ukibadilisha saa na namba. Muda wa kufuta ukiwa umepita, omba masahihisho peke yake.

Admini akikaa kimya hadi jioni, andika kwa wa pili. Wakikataa wote, dada yako aushikilie ujumbe huo kwa kidole na kuuripoti kwa WhatsApp, ila usitegemee wao wataufuta upesi. Lakini kukionekana hata ujumbe mmoja wa kumtafuta, wa aina ya "anakaa wapi huyu", acha barua, nenda polisi na ile picha ya skrini, na mwanao alale kwa ndugu asiyeishi mtaani hapo.

Shuleni nenda mwenyewe kesho asubuhi ukamwone mwalimu wake wa darasa, kabla wanafunzi hawajamfikishia. Mweleze kwa mdomo, simu yako ibaki mfukoni.

Na dada yako najua anatamani kujitoa kundini kwa hasira. Mwambie avumilie. Akitoka, nani atakuambia kinachoandikwa humo?