Anzeni na koki iko wapi

Swali la wiki: "Ukiambiwa uandike kijitabu cha wapangaji kwa jengo unaloishi, ukurasa gani ungeuandika kwanza, na ungeweka nini?"

Mimi nilishakiandika, jengo letu lina nyumba 12, na ukurasa wa kwanza ni wa maji, tena hauanzi na ratiba, unaanza na koki iko wapi. Kijitabu cha zamani kilikuwa na ratiba, maji Jumanne na Ijumaa, chini yake namba moja ya mwenye nyumba, basi. Sasa Jumanne moja jirani yangu wa juu kafungua bomba la sinki asubuhi, halikutoa kitu, akaliacha wazi akaenda zake kazini, na kwenye sinki kuna sahani imekaa juu ya tundu. Saa nne maji yakaja. Niko sebuleni nasikia ti, ti, ti, kuangalia juu dari limefanya duara la kahawia na maji yanateremka kwenye waya wa taa. Napiga ile namba haipatikani, mwenyewe yuko safarini. Mlinzi anakimbia huku na huku hajui maji yanafungwa wapi, mpaka mama mmoja mpangaji wa siku nyingi akasema koki iko kwenye kishimo cha mita pale nje, kufika pale gari limeegeshwa juu ya mfuniko. Dakika 40 zimepita maji yanamwagika tu.

Kwa hiyo nilichoandika ni hivi: koki ya kila nyumba iko wapi, koki kuu ya jengo iko wapi, na picha ya kila moja, maana maneno "nyuma ya ngazi" mtu mgeni akiwa na haraka hayamsaidii. Halafu inafungwaje. Yenye mkono mrefu ni robo mzunguko tu, mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikatiza bomba imefungwa. Ya gurudumu unazungusha kulia mara nyingi mpaka igome, na hiyo ikikaa miaka bila kuguswa inakwama, ukiilazimisha na spana unaweza kuvunja shina lake ukabaki na tatizo kubwa kuliko la mwanzo, ndio maana tumeandika msimamizi azifunge na kuzifungua zote kila miezi sita. Na maji yakifika kwenye taa au soketi unazima swichi kuu kwanza, ila kama swichi yenyewe imelowa au umesimama kwenye maji usiiguse, toka nje, ita fundi umeme.

Simu inakuja baada ya hapo. Namba ziko kwa mpangilio wa nani anaweza kufika haraka: mlinzi, msimamizi, fundi bomba, fundi umeme, mwenye nyumba mwisho, na kila mmoja ana wa kushika nafasi yake asipopatikana. Ukituma meseji sema namba ya nyumba, maji yanatokea wapi, yanadondoka au yanabubujika, koki umefunga au bado. Fundi akisoma hivyo anajua abebe nini, akiambiwa "bomba bovu" anakuja mikono mitupu anarudi kufuata vifaa.

Ratiba yenyewe tuliiongezea mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Siku ya ukavu, ukifungua bomba likakauka lifunge saa hiyo hiyo, usisubiri. Na maji yakirudi yanakuja na hewa na uchafu uliotibuka kwenye mabomba, bomba linakohoa, linatema maji ya udongo, hivyo anza na bomba la nje au la chini kabisa, acha mpaka yawe meupe ndio ujaze ndoo, na hita ya kuogea usiiwashe kabla maji hayajatiririka vizuri, ikiwaka kavu inaungua.

Mengine nimeyaandika mafupi kwa sababu ni mafupi. Taka zitolewe asubuhi ya siku ya gari, sio usiku, wanyama wanachana mifuko. Maegesho kila nyumba na namba yake, na mfuniko wa koki tumeuzungushia rangi nyekundu, hapo haegeshi mtu hata dakika moja, hata mgeni. Saa za utulivu ni saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, lakini hapa tulibishana sana kwenye kikao, maana kuna siku maji yanakuja saa nane za usiku na pampu inanguruma, mtu ana mtoto mchanga ukutani kwake. Tukakubaliana pampu iruhusiwe mpaka tenki la juu lijae, ila kuburuta mapipa kwenye korido hapana, pipa lijazwe kwa mpira pale pale lilipo.

Karatasi ya koki na namba imebandikwa nyuma ya mlango wa kila nyumba, kijitabu chenyewe kikae kabatini hamna shida. Na siku mpangaji mpya anapokabidhiwa funguo, msimamizi anampeleka mpaka kwenye koki, anaifunga na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe huyo mpangaji.