Hojaji ya Tabia: Usimkisie Mwajiri

Juzi msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia. Ameomba kazi ya afisa wa mikopo, na kabla ya kuitwa kwa mahojiano ametumiwa hojaji ndefu ya tabia aijaze mtandaoni. Anauliza: aseme ukweli, au awape wanachotaka kusikia? Swali lake limenigusa, kwa sababu mwezi jana nilithibitishwa katika kazi kama hiyo hapa Kisumu, na nilianza na hojaji ya namna hiyo hiyo.

Siku ya kuijaza nilikuwa saiba ya Kondele na binamu yangu. Ushauri wake ulikuwa mfupi: "Kila kizuri bonyeza Nakubali Kabisa, kila kibaya bonyeza Nakataa Kabisa." Nilikataa, na ninafurahi hadi leo.

Ndani ya hojaji nyingi hupandwa sentensi kama hizi: "Sijawahi kumkasirikia mtu kazini." "Sijawahi kuahirisha kazi." Zinasikika kama sifa, lakini ni binadamu gani anayeweza kuzikubali zote? Hizo hazipimi upole wala bidii. Zinapima unajipamba kiasi gani. Ukizikubali moja baada ya nyingine, ripoti humwonya mwajiri kwamba majibu yako yote yasomwe kwa tahadhari. Tena jambo moja huulizwa mara mbili kwa sura tofauti. Mwanzoni unakubali kwamba unapanga kazi mapema, kisha mbele sana, ukiwa umechoka, unakutana na "Hufanya kazi vizuri zaidi muda unapobana." Mtu anayejibu kutokana na maisha yake hahitaji kukumbuka alichojibu mwanzoni.

Sehemu iliyomshinda kabisa binamu yangu ni ile ya kuchagua. Unapewa sentensi tatu, useme ipi inakufaa zaidi na ipi inakufaa kidogo kuliko zote:

Napenda kuwashawishi watu.
Hukagua kazi yangu hadi mwisho.
Huguswa haraka na shida za wengine.

Zote nzuri. Ukiipandisha moja, nyingine inashuka. Yeye aliniambia nichague huruma, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kukaa na vikundi vya akina mama. Mimi nilichagua kukagua kazi, na huruma nikaiweka mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kwenye mahojiano, jopo lilikuwa na ripoti yangu mezani. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanachama akikuambia mtoto anaumwa, na leo ndiyo siku ya kulipa, utafanya nini?" Nikamjibu kwamba nitampa pole, nitaandika alichosema, kisha nitafuata utaratibu wa kikundi, kwa maana siwezi kumsamehe deni kwa niaba ya ofisi. Nikamweleza nilivyokuwa nikishika daftari la chama chetu Ahero, na shangazi yangu mwenyewe nikimwandikia faini. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Kumbe walitaka mtu asiyeyumba. Kisio la binamu yangu lingenipeleka upande wa pili kabisa, na bado ningetakiwa kulitetea kwa mfano ambao sina.

Lakini ukweli una gharama. Kabla ya hapo niliomba kazi ya kuuza simu Nakuru. Kwenye hojaji nilisema kwamba kumfuata mtu nisiyemjua na kumbembeleza anunue hunichosha. Sikuitwa tena, wala sikuelezwa sababu. Iliniuma, na bado inauma, kwa sababu kodi ya nyumba haingojei. Na wapo wanaojipamba wakapita. Utafiti umeonyesha kwamba watu wakiamua kujipamba, alama zao hupanda kweli. Ila mshahara utalipwa kwa kazi ile uliyodai unaipenda, kila asubuhi.

Basi, dada yangu, jibu kama ulivyo kazini, si kama ulivyo nyumbani ukigombana na wadogo zako. Kama hujawahi kuajiriwa, jipime kwa mahali ulipowajibika: chama, kwaya, duka la mzazi. Usikimbilie jibu la katikati kila mara. Ukijaza "Sina hakika" kila mahali, ripoti inakosa la kusema juu yako. Kabla ya kubonyeza jibu la mwisho kabisa la upande wowote, jiulize kama una tukio la kulithibitisha. Ukikosa tukio, sogea hatua moja ndani.

Kusema ukweli hakumaanishi kukiri kila kitu. Ukiulizwa kama una mimba, au hali yako ya virusi vya ukimwi, au kabila lako, jua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kukubagua kwa misingi hiyo, hata kabla hujaajiriwa. Na ukinyimwa kazi, andika barua pepe ya heshima uombe nakala ya matokeo yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa wanazoshikilia juu yako. Kule Nakuru sikuijua haki hiyo, wewe itumie.