Latitudo na longitudo: nilivyozielewa kati ya Pangani na Pemba

"Wakuu, latitudo na longitudo huwa zinanichanganya. Ipi inaniambia nini hasa, na kwa nini moja haitoshi kujua nilipo kwenye ramani?"

Mkuu, nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye jahazi la mizigo lenye injini, Pangani kwenda Mkoani, Pemba. Nitakujibu kwa njia hiyo hiyo, maana inalionyesha jambo lako waziwazi.

Pangani iko digrii 5 na dakika 26 kusini mwa ikweta. Mkoani iko digrii 5 na dakika 22. Latitudo zao zinakaribiana sana. Nikikuambia tu kwamba niko 5°22′ kusini, huwezi kujua kama nimeshafika Mkoani nateremsha mizigo au bado naiona minazi ya bara. Latitudo ni mstari unaoizunguka dunia yote sambamba na ikweta, na naweza kuwa popote juu yake. Longitudo ndiyo inayoukata: Pangani ni kama 38°58′ mashariki, Mkoani kama 39°39′. Mistari miwili inapokutana, hapo ndipo ulipo.

Baharini kila moja ilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tunaelekea karibu mashariki tupu, kwa hiyo longitudo ilituambia tumevuka kiasi gani na kumebaki kiasi gani. Latitudo ilituambia tumesukumwa kiasi gani, kwa sababu mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Dakika za latitudo zikipungua, ujue unachukuliwa kuelekea ikweta. Ukisafiri Dar kwenda Mombasa kazi hizo zinabadilishana, kwani huko unapanda kaskazini na latitudo ndiyo inayohesabu mwendo.

Zinatofautiana pia zinakoanzia. Latitudo inaanzia ikweta, ambayo imewekwa na mzunguko wa dunia yenyewe, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliweza kuipata kwa kupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo wa bahari. Longitudo inaanzia Greenwich, Uingereza, kwa makubaliano ya mkutano wa Washington wa 1884, na kuipata bila chombo cha kisasa kunahitaji saa sahihi, kwa sababu longitudo ni muda. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Mji wa Zanzibar na Dodoma ziko karibu latitudo moja, 6°10′ kusini, lakini Dodoma iko magharibi kwa digrii kama tatu na nusu. Ndiyo sababu mfungaji wa Zanzibar hufuturu dakika kama 14 kabla ya mwenzake wa Dodoma.

Sasa kosa lililonifundisha. Siku moja nahodha aliniambia niweke alama kwenye ramani. Simu ilikuwa inaonyesha hivi:

```
-5.35, 39.30
```

Namba ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa maana yake ni kusini. Hilo nililijua. Nikachukua bikari na rula, nikaweka alama kwenye 5°35′ kusini na 39°30′ mashariki, nikamwambia zimebaki maili 16 za baharini. Nahodha akaitazama ramani, akasema, "Mwanangu, hapa umetuweka kusini ya njia yetu. Mkondo huu unatupeleka kaskazini. Tumefikaje huko?"

Simu ilikuwa inaandika digrii kwa desimali, mimi nikazisoma kama dakika. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo sehemu iliyo baada ya nukta huzidishwa kwa 60: 0.35 ni dakika 21, na 0.30 ni dakika 18. Mahali petu halisi palikuwa 5°21′ kusini, 39°18′ mashariki. Kosa hili hujificha vizuri namba zikiwa chini ya 60. Simu ingeonyesha 5.85 ningeshtuka, kwa sababu hakuna dakika ya 85.

Tukapima upya. Umbali kwenye ramani ya bahari unapimwa kwa vipimo vya ukingo wa kushoto au wa kulia, penye latitudo, kwa sababu dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kama kilomita 1.85, popote uendapo. Dakika ya longitudo husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta. Kwetu tofauti haionekani, lakini Maskati imeshapungua kwa karibu asilimia 8.

Jibu likawa maili 21, siyo 16, na tulikuwa tumesukumwa kaskazini ya njia yetu kwa maili kama 3. Nahodha akaelekeza omo kusini kidogo kufidia mkondo, akaniambia nirudie kuandika alama kila nusu saa hadi tuuone mnara wa Mkoani.